Chumvi, Mikate na Viti 12

Maji ya tambi hutiwa chumvi yakiwa yanachemka, kabla tambi zenyewe hazijaingia. Ukisubiri ziive ndipo unyunyize, chumvi hubaki juu juu na ndani tambi ni chapwa. Mpishi hahitaji kwenda Italia kulijua hilo. Hata hivyo, Septemba 2014 wanahisa wa kampuni ya Darden, yenye makao yake Orlando, Florida, waliwekewa mbele yao waraka wa kurasa 294 uliosema kwamba migahawa yao ya Olive Garden, inayojinadi kwa mapishi ya Kiitaliano, ilikuwa imeacha kutia chumvi kwenye maji ya tambi. Sababu ilikuwa sufuria. Zisipopikiwa maji ya chumvi, sufuria zilipata dhamana ya muda mrefu zaidi.

Aliyeandika hayo hakuwa mteja aliyetoka mgahawani amekasirika. Yalitoka kwa Starboard Value, mfuko wa uwekezaji wa New York unaoongozwa na Jeffrey Smith, uliokuwa na takriban 8.8% ya hisa za Darden. Ulikuwa unaomba viti vyote 12 vya bodi ya wakurugenzi.

Watu wa namna hii huitwa wawekezaji wanaharakati. Mwekezaji wa kawaida asiyeridhika na kampuni huuza hisa zake akaenda zake. Mwanaharakati hufanya kinyume: hutafuta kampuni anayoamini inaendeshwa vibaya, hununua hisa zake kwa makusudi, kisha huibana bodi ibadilike ili hisa zile zipande. Kisa cha Darden kinafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mwanahisa wa kawaida anaweza kuona wapi amwamini mtu wa aina hii na wapi amhoji zaidi.

Ununuzi wa kimyakimya

Mwanaharakati huanza kwa kunyamaza. Kabla hajasema lolote hadharani anasoma hesabu za kampuni, anaongea na wafanyakazi wa zamani, analinganisha gharama na za washindani, huku akinunua hisa kidogo kidogo sokoni. Soko likijua mapema kwamba yumo, bei hupanda naye hununua ghali.

Lakini ukimya una mpaka. Katika soko la Marekani, anayevuka 5% ya hisa za kampuni huku akikusudia kushawishi uendeshaji wake lazima ajaze fomu ya 13D kwa mamlaka ya masoko ya mitaji. Ndani yake anaeleza ana hisa ngapi, fedha zake zimetoka wapi, na anakusudia nini. Wakati wa kisa cha Darden alikuwa na siku 10 tangu avuke mpaka huo, na katika siku hizo aliweza kuendelea kununua. Mwaka 2024 muda ulipunguzwa hadi siku tano za kazi.

Kwako wewe mwanahisa, fomu hiyo ni chanzo bora kuliko habari za magazetini. Inaonyesha mwanaharakati amenunua kwa bei gani katika siku za karibuni. Tuseme wastani wake ni dola 45, na tangazo lake limeipandisha hisa hadi 52. Yeye tayari ana faida ya dola saba kwa kila hisa kabla hata mpishi mmoja hajabadilisha chochote jikoni. Wewe ukinunua leo kwa kufuata nyayo zake, unanunua kwa 52. Mmekaa kwenye meli moja, lakini hamkulipa nauli sawa.

Starboard ilijitangaza Desemba 2013 ikiwa na 5.6%. Haikuwa ya kwanza, kwa kuwa mfuko mwingine, Barington Capital, ulikuwa umeshaanza kuisumbua Darden. Mauzo ya Olive Garden yalikuwa yakishuka, na ya Red Lobster, ndugu yake anayeuza samaki na kamba, yalikuwa mabaya zaidi. Siku chache kabla ya Starboard kujitokeza, Darden ilitangaza mpango wa kuitenga au kuiuza Red Lobster.

Kutoka barua hadi kura

Mwenye 5.6% hana amri juu ya mtu. Bodi ikimpuuza, anachoweza kufanya ni kuwashawishi wenye 94.4% iliyobaki. Hivyo kazi ya mwanaharakati inafanana sana na ya mgombea ubunge: ana ilani, ana kampeni, na mwisho ana siku ya kura.

Kwanza Starboard iliandika barua. Iliitaka Darden isiiuze Red Lobster kwa haraka, kwa sababu chini ya migahawa ile kulikuwa na ardhi na majengo ambayo kampuni iliyamiliki yenyewe. Bodi haikukubali. Hatua iliyofuata ilikuwa kukusanya ridhaa za wanahisa ili uitishwe mkutano maalumu wa kulijadili jambo hilo. Aprili 2014, wenye takriban 57% ya hisa walikubali mkutano uitishwe.

Kwa kawaida hapo ndipo pande mbili hukaa mezani. Mivutano mingi ya namna hii huishia kwa suluhu: mwanaharakati hupewa kiti kimoja au viwili, hutia saini ahadi ya kutoshambulia hadharani kwa muda fulani, na mambo huendelea. Bodi ya Darden ilichagua njia nyingine. Mei 16, 2014, kabla mkutano haujaitishwa, ilitangaza kwamba Red Lobster imeuzwa kwa Golden Gate Capital kwa dola bilioni 2.1. Sheria haikuilazimu kuomba idhini ya wanahisa, nayo haikuiomba.

Ukiifungua bei hiyo, utaona kilichowakera wanahisa. Golden Gate iliyachukua majengo na ardhi ya migahawa karibu 500 na kuviuza papo hapo kwa kampuni nyingine kwa dola bilioni 1.5, kisha migahawa ikawa mpangaji. Toa 1.5 katika 2.1. Biashara nzima ya Red Lobster, yenye matawi kama 700, jina linalojulikana Marekani yote na mauzo ya kila siku, ilikuwa imethaminiwa dola milioni 600 tu. Na baada ya kodi ya serikali na gharama za muamala, Darden ilibakiwa na takriban bilioni 1.6 mkononi.

Bodi ilikuwa na hoja yake. Mauzo ya Red Lobster yalikuwa yakiporomoka, na mnunuzi wa leo ni bora kuliko wa kesho asiyejulikana. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tatizo ni kwamba wenye zaidi ya nusu ya hisa walikuwa wameomba kwanza wasikilizwe. Baada ya hapo Starboard haikutaka tena kiti kimoja wala viwili, bali vyote 12.

Waraka wa kurasa 294

Mkurugenzi mtendaji, Clarence Otis, alitangaza Julai kwamba ataondoka. Bodi ikajaribu kupunguza joto: ilipendekeza wagombea wanane, wanne kati yao wakiwa wapya, na kuwaachia Starboard viti vinne. Starboard ilikataa, ikatoa waraka wake.

Wengi walikumbuka chumvi peke yake, na watangazaji wa televisheni waliicheka kwa wiki nzima. Lakini suala la mikate lina mafunzo zaidi. Olive Garden hutoa mikate ya vijiti bila kikomo. Utaratibu wa kampuni ulikuwa mhudumu alete mkate mmoja kwa kila mgeni na mmoja wa ziada, kisha wakiisha arudi kuuliza. Starboard ilisema wahudumu wanamwaga mikate mingi mezani kwa mara moja ili wasirudi. Mkate ukikaa dakika saba unapoteza ladha. Mgeni anauacha, unatupwa, na mhudumu amekosa sababu ya kurudi mezani kuuliza kama kuna kingine kinachohitajika. Darden ilijibu kwamba mikate ile ni ukarimu wa Kiitaliano. Starboard ilikuwa imeshasema kwamba haipingi mikate ya bure, inapinga tu namna inavyoletwa.

Kuna kitu cha kujifunza katika kiwango hicho cha undani. Anayesema tu kwamba gharama zipunguzwe au thamani ifunguliwe bado hajakwambia kitu unachoweza kukihakikisha. Anayesema mkate unakaa dakika saba amekupa kitu ambacho wewe mwenyewe unaweza kwenda kukipima ukiwa na saa mkononi.

Waraka pia ulitaja watu. Miongoni mwa wagombea 12 wa Starboard alikuwepo Brad Blum, aliyewahi kuiongoza Olive Garden yenyewe, na Alan Stillman, mwanzilishi wa migahawa ya TGI Fridays. ISS, kampuni inayowashauri wawekezaji wakubwa namna ya kupiga kura, iliunga mkono orodha nzima. Oktoba 10, 2014, wote 12 walichaguliwa, na hakuna mjumbe hata mmoja wa bodi ya zamani aliyebaki. Jeffrey Smith akawa mwenyekiti.

Ugonjwa ni mmoja, dawa ni nyingine

Katika mwaka uliofuata mauzo ya Olive Garden yalianza kupanda, na hisa za Darden zikawa juu kuliko siku ya kura. Kwa hiyo wanaharakati huwa sahihi? La. Miaka michache kabla, mwanaharakati mwingine, Bill Ackman wa Pershing Square, alikuwa amenunua sehemu kubwa ya JCPenney, mnyororo wa maduka ya nguo uliodorora. Aliingia kwenye bodi na kusaidia kumleta Ron Johnson, aliyekuwa ameyajenga maduka ya Apple. Ugonjwa waliuona vizuri: kampuni ilikuwa imezoea kupandisha bei kisha kuishusha kwa kuponi, na wateja hawakujua tena bei halisi ya kitu. Dawa ilikuwa kufuta kuponi na mauzo ya punguzo mwanzoni mwa 2012, nchi nzima kwa pamoja, bila kujaribu kwanza katika maduka machache. Katika mwaka mmoja mauzo yalishuka kwa robo. Kumbe wateja wale walikuwa wanakuja kwa ajili ya kuponi. Johnson aliondolewa Aprili 2013, na Ackman akauza hisa zake kwa hasara ya mamia ya mamilioni ya dola.

Ukiviweka visa hivi viwili sambamba, unapata swali la kwanza la kumuuliza mwanaharakati: anachodai kimejaribiwa wapi? Utambuzi wa ugonjwa ndiyo sehemu rahisi. Anayo miezi ya kusoma, wataalamu wa kulipwa, na bodi ambayo mara nyingi imelala kweli. Kwa hiyo kurasa zake za mwanzo, zenye michoro ya kampuni ikishindwa na washindani, karibu kila mara zinashawishi. Zisome, lakini angalia kama ulinganisho ni wa haki. Je, washindani waliochaguliwa ni wa biashara ileile, na miaka iliyopimwa ni mitano au kumi, au ni ule mwaka mmoja mbaya? Kisha nenda kwenye kurasa za dawa. Kupanga mikate upya kunaweza kuanza katika mgahawa mmoja Jumatatu na kuachwa Ijumaa kisipofaa. Kufuta kuponi katika maduka yote hakurudishiki.

Fuata ardhi

Swali la pili ni faida inayoahidiwa itatoka wapi: kwenye uendeshaji bora, au kwenye kuuza mali na kukopa? Hapa Starboard yenyewe inahitaji kuhojiwa, kwa kuwa mwaka 2015, chini ya bodi mpya, Darden nayo iliitenga ardhi ya migahawa yake zaidi ya 400 na kuunda kampuni ya Four Corners. Je, si kile kile walichokilalamikia?

Kuna tofauti ya kuangalia. Ardhi ya Red Lobster iliuzwa kwa watu wa nje kwa fedha taslimu. Ya Darden iligawiwa: kila mwanahisa alipewa hisa za Four Corners, kwa hiyo aliyeanza kuipokea kodi ya pango alikuwa ni yuleyule mwenye mgahawa. Mali ilihama mfuko mmoja kwenda mwingine wa kanzu ileile. Lakini hata hivyo, mgahawa uliokuwa haulipi pango sasa unalipa, mwaka mzuri na mwaka mbaya.

Namna ya kupima hatari hiyo ni hesabu ndogo. Chukua tawi moja linalobakiwa na dola 500,000 kwa mwaka kabla ya kulipa pango. Pango likiwa 125,000, tawi linaweza kupoteza robo tatu ya faida yake na bado likalipa. Likiwa 350,000, faida ikishuka kwa theluthi moja tu tawi tayari liko kwenye hasara, na mkataba una miaka mingi mbele. Kwa hiyo mwanaharakati anapodai kampuni iuze majengo yake na kuyapanga, tafuta namba hizo mbili. Asipozitoa, huo ni ushahidi tosha kwamba waraka wake haujakamilika.

Swali la tatu ni la watu na muda. Mwenye 8.8% kuomba bodi nzima ni jambo zito, na kwa kawaida si busara kulikubali. Viti viwili vinatosha kuuliza maswali magumu bila kuikabidhi kampuni kwa mwenye hisa chache. Ilikuwa tofauti kwa Darden kwa sababu bodi ilikuwa imeuza sehemu ya kampuni huku wanahisa wakipinga, na kwa sababu wagombea wengine hawakuwa waajiriwa wa Starboard bali watu waliowahi kuendesha migahawa. Angalia pia kinacholipwa. Je, gawio au ununuzi wa hisa anaoudai mwanaharakati unawahusu wanahisa wote kwa bei moja? Akikubali kununuliwa hisa zake peke yake kwa bei ya juu ili aondoke, ameuza kelele zake, na ninyi ndio mmelipa. Jeffrey Smith aliondoka kwenye uenyekiti Aprili 2016, mwaka mmoja na nusu baada ya kura. Je, dawa anayopendekeza mgeni wako itaonyesha matokeo ndani ya muda anaokusudia kukaa, au madhara yake yataonekana ameshaondoka?

Maswali hayo hayo muulize na yule wa upande wa pili. Bodi inayoshambuliwa huwa na tabia ya kuchangamka ghafla: hupunguza gharama ambazo jana ilisema hazipunguziki, huleta wajumbe wapya, hutangaza gawio. Kama mambo hayo yalikuwa mazuri, kwa nini yalisubiri barua?

Wanaoamua ni wengine

Tangu Septemba 2022, karatasi ya kura katika mivutano ya Marekani hubeba majina ya pande zote mbili, na mwanahisa anaweza kuchanganya: watatu wa bodi, mmoja wa mwanaharakati. Zamani aliyepiga kwa karatasi ya upande mmoja alijifunga na upande huo. Badiliko hilo limehamisha mjadala kutoka kwenye ilani kwenda kwa mtu mmoja mmoja, yaani huyu mgombea anajua nini ambacho yule aliyeketi hajui.

Hata hivyo, mengi hutegemea hisa zilivyotawanyika. Starboard ilishinda kwa sababu Darden haikuwa na mwenye hisa mmoja mkubwa kuliko wote. Katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, kampuni nyingi zina mmiliki mmoja anayeshika nusu au zaidi. Sehemu kubwa ya hisa za Kampuni ya Bia Tanzania, kwa mfano, iko mikononi mwa AB InBev. Hapo mwenye 8.8% anaweza kuandika kurasa 294 na kura ikaisha kabla haijaanza. Lakini maswali ni yaleyale, na fomu ya uwakilishi inayoambatana na taarifa ya mkutano mkuu, ambayo wengi huitumia kufungia vitumbua, ndipo yanapoandikwa majibu.

Turudi kwa Red Lobster. Mei 2024, miaka kumi kamili tangu iuzwe, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wengi walisema imeponzwa na kamba, kwa kuwa ilikuwa imetangaza kula kamba bila kikomo kwa dola 20, na ofa hiyo iliigharimu dola milioni 11. Lakini nyaraka za mahakama zilitaja namba nyingine. Katika mwaka 2023 kampuni ilikuwa imelipa pango la zaidi ya dola milioni 190, na zaidi ya milioni 64 kati ya hizo zilikwenda kwa migahawa iliyokuwa haifanyi vizuri. Zipo sababu nyingine: wamiliki walibadilika, janga la korona lilipita, na bei zilipanda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya zile milioni 190 ilianzia Mei 2014, katika yale majengo 500 ambayo wanahisa walikuwa wameomba yajadiliwe kabla ya kuuzwa. Chumvi ndiyo iliyowachekesha watu, lakini aliyetaka kujua kampuni inaelekea wapi alipaswa kusoma ukurasa wa ardhi.